Methotreksati ya mara moja kwa wiki: kuchagua siku, kuilinda, na la kufanya ukikosea

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyeandikiwa vidonge vya methotreksati kwa ajili ya baridi yabisi ya viungo, soriasisi au ugonjwa mwingine ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Ni wa yule pia anayempangia dawa mzazi wake au mgonjwa wa nyumbani. Kama umeandikiwa dawa hii kwa saratani, ratiba yako yaweza kuwa tofauti kabisa. Fuata ya kliniki yako, hii iache.

Tuanze na sababu, maana ukiishika hiyo, hatua zinazofuata hutahitaji kuzikariri.

Kwa nini wiki, si siku

Seli inapotaka kugawanyika huhitaji folati, ile vitamini B9, ili itengeneze DNA mpya. Methotreksati huzuia kimeng'enya kinachoiandaa folati kwa kazi hiyo. Ukiinywa kidogo, mara moja kwa wiki, kinga iliyochachamaa hutulia, na seli nyingine za mwili hupata siku kadhaa za kupumua na kujirekebisha. Ukiinywa kila siku, nafasi hiyo ya kupumua inapotea. Wa kwanza kuumia ni seli zinazogawanyika haraka kuliko nyingine: uboho unaotengeneza damu, ngozi laini ya ndani ya mdomo, na utumbo.

Dawa yenyewe huondoka kwenye damu upesi, kwa kiasi kikubwa kupitia figo. Lakini ile iliyokwisha kuingia ndani ya seli hukaa humo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana dozi ya Alhamisi bado inafanya kazi Jumatano inayofuata, hata kama wewe huhisi chochote. Na ndiyo maana kidonge kimoja kila siku kwa siku 6 ni hatari kuliko vidonge 6 vilivyonywewa kwa mkupuo jioni moja. Jumla ni ile ile: vidonge 6 vya miligramu 2.5, yaani miligramu 15. Kinachodhuru ni kutoipa seli siku ya mapumziko.

Watu wengi wanaofika dirishani kwetu famasi huamini kinyume chake: kwamba kidonge kimoja kimoja ni "taratibu" na hivyo ni salama, na kwamba sita kwa pamoja ndivyo vinavyotisha. Hofu hiyo naielewa, maana dawa karibu zote tulizozoea ndivyo zilivyo. Kwa hii, igeuze.

Hatua ya 1: chagua siku

Siku ni ya mgonjwa kuchagua, pamoja na daktari au mfamasia, kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Usiondoke na dawa ambayo siku yake haijatajwa.

Chagua siku ambayo kesho yake huna kazi nzito, kwa sababu baadhi ya watu huamka na kichefuchefu au uchovu. Hakikisha pia kesho yake ni siku ya kazi kwa kliniki au famasi yako, ili ukigundua jambo usiku ule, asubuhi umpate mtu wa kumuuliza. Masharti haya mawili mara nyingi hugongana. Mimi huona la pili lina uzito zaidi, hasa miezi ya mwanzo.

Kisha angalia siku za vipimo. Vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda kidogo kwa siku moja au mbili baada ya dozi, kisha vikashuka vyenyewe. Damu ikitolewa asubuhi ya baada ya dozi, majibu yanaweza kukutia wasiwasi bure. Panga siku ya dawa ili damu itolewe kabla ya dozi inayofuata, si nyuma tu ya iliyopita.

Lipo jambo jingine ambalo vipeperushi vingi havilisemi, kwa sababu havikuandikwa kwa Kiswahili. Siku zetu nyingi zimebeba namba. "Vidonge vinne kila Jumanne" au "vitano kila Jumatano" ni maneno yanayogongana masikioni, hasa yakisemwa haraka kwa mtu mzima mwenye dawa nyingine nne za kukumbuka. Kwenye karatasi ni hatari zaidi, kwa sababu tumezoea kufupisha Jumatatu kuwa J3 na Jumatano kuwa J5, huku dozi za dawa nyingine zikiandikwa 1x3 au 2x2. J3 iliyoandikwa kwa haraka kando ya jina la dawa inaweza kusomeka kama mara tatu. Kama huna sababu ya kupendelea siku nyingine, chukua Alhamisi au Ijumaa, ambazo hazina namba ya Kiswahili ndani yake. Siku yoyote utakayoichukua, iandikwe kwa ukamilifu.

Ukipenda kunywa usiku, taja saa. "Usiku wa Ijumaa" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni, na kwa wengine ni Ijumaa yenyewe baada ya jua kutua. Mama akiwa na maana moja na binti anayempa dawa akiwa na nyingine, dozi mbili zinaweza kunywewa ndani ya saa 24, na kila mmoja akaamini katenda sawa. Andika "Alhamisi, saa 2 usiku", ubishi uishe.

Hatua ya 2: maelekezo yaandikwe hivi

Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza hatua kadhaa za kuzuia kosa hili la kunywa kila siku, ikiwemo onyo wazi kwenye boksi na vidonge kufungwa kimoja kimoja badala ya kumwagwa kwenye kopo. Boksi lako linaweza kuwa na onyo hilo au lisiwe nalo. Lililo mikononi mwako ni lebo inayobandikwa famasi, na hiyo unaweza kuidai. Isomeke kama hivi:

> Methotreksati, kidonge cha miligramu 2.5. Kunywa vidonge 6 (miligramu 15) MARA MOJA KWA WIKI, kila ALHAMISI saa 2 usiku. Usinywe siku nyingine. Kwa baridi yabisi.

Kila kipande hapo kina kazi yake. Idadi ya vidonge na miligramu vinasimama pamoja ili kimoja kikikosewa kingine kikisahihishe. Jina la ugonjwa linamsaidia mfamasia au muuguzi mwingine kushtuka akiona karatasi iliyoandikwa "kila siku", kwa sababu kwa baridi yabisi dawa hii hainywewi kila siku. Lebo inayosema "kama ulivyoelekezwa" irudishe palepale dirishani. Si utovu wa adabu.

Kabla hujaondoka, mweleze anayekupa dawa kwa maneno yako mwenyewe utakavyoinywa: siku gani, vingapi, na siku nyingine utafanya nini. Ukikosea, akusahihishe hapo hapo. Asipokuuliza, mwambie tu bila kuulizwa.

Hatua ya 3: nguvu ya kidonge iwe moja tu

Vidonge hivi hupatikana kwa miligramu 2.5 na kwa miligramu 10, na vya aina mbili vinaweza kufanana. Mtu aliyezoea sita vya 2.5 akipewa vya 10 bila kuambiwa, ataendelea kuhesabu sita: badala ya 15 atakuwa amekunywa 60. Omba uwe unapewa vya 2.5 siku zote, na soma namba kwenye boksi kila unapochukua dawa mpya, hata kama famasi ni ile ile. Rangi au umbo vikibadilika, uliza kabla ya kufungua. Yawezekana ni kiwanda kingine tu, lakini waweza pia kuwa umepewa nguvu nyingine.

Usikivunje wala kukiponda kidonge. Kama dozi yako haigawanyiki kwa 2.5, hilo ni suala la kurudi kwa aliyekuandikia.

Hatua ya 4: ijengee makao yake

Visanduku vya dawa vyenye vyumba vya Jumapili mpaka Jumamosi vinasaidia kwa dawa za kila siku. Methotreksati usiiweke humo. Najua wapo wanaoiweka katika chumba cha siku yake wasipate tabu kwa miaka. Lakini kosa la kujaza hutokea mara moja tu, na likishatokea kisanduku kinaliendesha wiki nzima bila mtu kulifikiria. Iache ndani ya boksi lake la asili, kwenye rafu au droo nyingine, mbali na dawa za kila siku na mbali na watoto.

Omba uwe unapewa dawa ya wiki 4 tu. Hapo unapata kipimo kizuri kisichokugharimu chochote: kuhesabu vilivyobaki. Kwa dozi ya vidonge 6, wiki 4 ni vidonge 24. Baada ya dozi ya kwanza vinabaki 18, kisha 12, kisha 6, kisha boksi ni tupu. Hakuna siku ambayo hesabu inapaswa kuwa 23, wala 20, wala 15. Idadi yoyote isiyo katika mfuatano wa 24, 18, 12 na 6 inakuambia kuna kidonge kilichotoka kisivyopaswa. Kama dozi yako ni vidonge 4, mfuatano wako ni 16, 12, 8, 4. Uandike kwa kalamu juu ya boksi siku unayolichukua. Kuhesabu huku hakumtegemei mgonjwa kukumbuka kitu, na mtu mwingine yeyote wa nyumbani anaweza kukufanya siku yoyote.

Mpangaji wa dawa awe mmoja. Mama akihudumiwa na watoto watatu kwa zamu, methotreksati iwe ya mmoja anayejulikana. Mjamzito, au anayetafuta ujauzito, asiishike kabisa, kwa sababu dawa hii hudhuru mimba. Wengine wanawe mikono baada ya kuigusa.

Hatua ya 5: asidi ya foliki, jirani anayefanana naye

Wengi hupewa pia asidi ya foliki ili kupunguza vidonda vya mdomo, kichefuchefu na madhara kwenye ini. Ratiba zake zinatofautiana: baadhi ya madaktari huandika kidonge kimoja cha miligramu 5 kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati, wengine huandika kila siku isipokuwa siku ile. Zote mbili zinatumika. Shika yako.

Tatizo ni kwamba dawa hizi mbili mara nyingi ni vidonge vidogo vya manjano, zinachukuliwa dirisha moja, siku moja, ndani ya mfuko mmoja. Moja ni ya wiki, nyingine huenda ni ya kila siku. Sijui njia fupi zaidi ya kufika kwenye hatari kuliko kuzibadilisha nafasi.

Tuseme kuna mama wa miaka 67 mwenye baridi yabisi. Anakunywa vidonge 6 vya methotreksati kila Alhamisi, na kidonge kimoja cha asidi ya foliki siku nyingine zote sita. Jumatano amechukua dawa mpya, na safari hii foliki imetoka kiwanda kingine, imefungwa kwenye karatasi ya fedha inayofanana na ya mwenzake. Nyumbani anatoa karatasi zote kwenye maboksi ili zisichukue nafasi. Alhamisi usiku anakunywa vidonge 6 vya manjano. Kumbe ni foliki. Ijumaa anaanza kunywa kidonge kimoja kimoja cha manjano kila asubuhi. Kumbe ni methotreksati.

Kwa hesabu ya wiki, angefikisha miligramu 15 zile zile alizoandikiwa. Mtu anayeangalia jumla asingeona kosa. Jumatatu jioni anasema chakula cha moto kinamchoma mdomoni. Jumanne asubuhi kuna vidonda viwili ndani ya shavu, na koo linauma. Anamwomba mwanawe amletee ibuprofeni. Kijana anachukua karatasi za methotreksati na kuhesabu: vimebaki 19. Kwenye boksi mama mwenyewe aliandika 24, 18, 12, 6. Vidonge 5 vimetoka, kimoja kimoja, siku tano mfululizo.

Tutarudi kwa mama huyu. Cha kufanya wewe ni hiki: usitoe karatasi za vidonge nje ya boksi, na zungushia boksi la methotreksati mpira au uzi, ili mkono uone tofauti kabla ya jicho. Foliki ikiwa ya kila siku, ndiyo iingie kwenye kisanduku cha siku saba, na ijazwe siku ambayo boksi la methotreksati halijaguswa.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Kengele ya simu ni msaada mkubwa, ila angalia marudio yake. Ukiiweka ilie kila siku, umejitega mwenyewe. Iweke Alhamisi peke yake, na maandishi yake yaseme "methotreksati, vidonge 6, ya wiki nzima".

Kengele ikilia, lete boksi, soma jina na namba 2.5, toa vidonge vyako kwenye kisahani, vihesabu, meza kwa maji. Kisha, kabla hujaenda kufanya jambo lingine, weka alama kwenye kalenda na uandike vilivyobaki. Alama iwekwe baada ya kumeza, wala si kabla. Anayeweka kwanza halafu akaitwa mlangoni, akirudi hatajua kama alimeza.

Usiongeze dozi kwa sababu viungo vinauma. Methotreksati si dawa ya kutuliza maumivu. Huchukua wiki 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, kuonyesha kazi yake. Kuongeza kidonge Jumapili ili kuituliza Jumatatu hakutatuliza kitu, na ni mojawapo ya njia ambazo watu waliofundishwa vizuri tu hujikuta wameingia kwenye kunywa kila siku.

Usiinywe pia, hata kama siku yake imefika, mpaka umeongea na kliniki, ukiwa na homa, au unatapika na kuharisha. Mwili uliokaukiwa maji una figo zinazofanya kazi kwa taabu, na dawa isipotoka, dozi ya kawaida inageuka dozi kubwa. Na ukiandikiwa antibayotiki popote pale, taja methotreksati kabla hujaichukua. Kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrini, pamoja na trimethoprimu yenyewe, hushambulia folati ile ile, na zikikutana na methotreksati zinaweza kuangusha chembe za damu vibaya. Hizo mbili zisichanganywe na methotreksati.

Ukisahau dozi

Hapa kuna kanuni moja ya kuhesabu siku, na ni nyepesi. Kama zimepita siku mbili au pungufu, kunywa dozi yako ya kawaida. Kama zimezidi siku mbili, iache wiki hiyo ipite. Kwa vyovyote, dozi inayofuata inarudi kwenye siku yako ileile.

Kwa wa Alhamisi: ukikumbuka Ijumaa au Jumamosi, kunywa, na inayofuata ni Alhamisi kama kawaida. Ukikumbuka Jumapili au baadaye, usinywe, subiri Alhamisi. Usinywe dozi mbili kufidia. Kukosa wiki moja hakuleti hatari. Pengine viungo vitakaza kidogo tu.

Kama huna hakika kama ulikunywa, hesabu vidonge. Hesabu ikishindwa kukuambia, chukulia kwamba ulikunywa, usubiri wiki ijayo. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie dozi. Piga simu uulize.

Ukitaka kuhamisha siku kabisa, kwa mfano kutoka Alhamisi kwenda Jumapili, ongea na kliniki kwanza, na hesabu kwenda mbele. Baada ya dozi ya Alhamisi, Jumapili ya siku tatu baadaye iache. Anza Jumapili ya wiki inayofuata, siku 10 tangu dozi ya mwisho. Pengo refu kidogo halina neno. Fupi ndilo la kuogopa.

Ukizidisha, au ukigundua umekuwa ukinywa kila siku

Acha methotreksati mara moja. Usiinywe tena mpaka daktari aseme, hata siku yako ikifika.

Nenda hospitali yenye maabara siku hiyo hiyo, ukiwa na dalili au huna. Hapa ndipo watu hupoteza muda wa thamani: wanajisikia wazima, wanaamua kuangalia mpaka kesho. Uboho ukishapigwa leo, damu yaweza kuonekana sawa leo, ikaanguka siku kadhaa baadaye. Kujisikia vizuri hakukuambii chochote. Aliyezidisha mara moja, kwa mfano aliyerudia dozi jioni ile ile, kwa kawaida yuko katika hali nafuu kuliko aliyekunywa kidogo kidogo kwa siku kadhaa mfululizo, hasa kama figo zake ni nzima. Lakini na yeye apige simu au aende siku hiyo, maana uamuzi wa kwamba yuko salama si wake.

Kabla ya kutoka, chukua maboksi na karatasi zote za dawa zilizo nyumbani, si ya methotreksati tu. Andika kwenye karatasi tarehe na saa za kila dozi unayoikumbuka, pamoja na siku ya dozi sahihi ya mwisho. Mapokezi, sema sentensi moja isiyo na mafumbo: "Natakiwa kunywa methotreksati mara moja kwa wiki, nimeinywa kila siku kwa siku tano." Usianze na vidonda vya mdomo. Ukianza na vidonda utapewa dawa ya vidonda.

Usinywe ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini kwa maumivu, maana zinaweza kuzipunguzia figo uwezo wa kuitoa dawa. Na usijitibu kwa kunywa foliki nyingi. Dawa inayotumika hospitali ni asidi ya foliniki, ambayo pia huitwa lukovorini. Jina linakaribiana, kazi ni tofauti: foliki inahitaji kupita kwenye kile kimeng'enya ambacho methotreksati imekifunga, foliniki inakiruka na kuifikia seli moja kwa moja. Inafaa zaidi ikianza mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana, lakini hata aliyechelewa bado anapewa. Ukiona kwenye kitanda chako imeandikwa foliki, uliza kwa upole kama ndiyo iliyokusudiwa.

Watapima hesabu kamili ya damu, figo na ini. Wakipima kiasi cha methotreksati kwenye damu na kikaonekana kidogo, usikichukue kama ruhusa ya kurudi nyumbani. Kumbuka dawa iko ndani ya seli, na kipimo kinaangalia damu tu.

Dalili za kwenda usiku ule ule bila kungoja asubuhi ni homa au kutetemeka, vidonda mdomoni, koo kuuma sana, michubuko au damu inayotoka bila sababu, kutapika au kuharisha kusikokoma, kikohozi kikavu au pumzi kukatika, macho kuwa ya manjano, na mkojo kupungua. Mwenye soriasisi aangalie pia kama mabaka yake ya zamani yameanza kuchubuka na kuwa vidonda. Wengi hudhani ni ugonjwa umerudi, wakaongeza dawa.

Sasa yule mama. Jumanne ile ile mwanawe anamfikisha hospitali na maboksi yote mawili. Ibuprofeni haikununuliwa. Hesabu ya damu ya kwanza inakaribia kuwa ya kawaida, lakini kipimo cha figo kiko juu kidogo kuliko cha miezi mitatu nyuma, na kwa umri wake hilo linatosha kumlaza. Anaanzishiwa foliniki na maji ya mshipa. Alhamisi, chembe nyeupe zimeshuka karibu nusu, vidonda vimezidi, anakunywa uji uliopoa tu. Kama angebaki nyumbani kwa sababu majibu ya Jumanne yalikuwa mazuri, siku hii ingemkuta huko bila kinga dhidi ya maambukizi. Foliniki inaendelea mpaka damu ianze kupanda na mdomo upone, na vipimo vinarudiwa siku baada ya siku.

Kurudia methotreksati baada ya hapo ni uamuzi wa daktari, na wakati mwingine jibu ni kubadilishiwa dawa. Ikirudishwa, anza na boksi jipya, lebo mpya yenye siku iliyoandikwa kwa ukamilifu, na mfuatano mpya wa namba juu ya boksi. Vidonge vya zamani vilivyobaki, vile 19, virudishwe famasi. Visichanganywe na vipya, maana vikichanganywa hesabu haitasema ukweli tena.